Tani zisizo na pa kupita: ukaguzi wa gudwili ya kiwanda cha asali Tabora

Kampuni mama yenye makao Dar es Salaam ilinunua hisa zote za kiwanda cha kuchakata asali mjini Tabora mwishoni mwa mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 5.2. Mali zote zilizoweza kutambuliwa moja moja, yaani majengo, mitambo, mtaji wa kuzungusha na jina la kibiashara linalobandikwa kwenye chupa za asali, zikiondolewa madeni, zilithaminiwa kuwa bilioni 3.2. Bilioni 2 zilizobaki ziliingia kwenye hesabu za pamoja za kundi kama gudwili, ambayo ni malipo ya kile mnunuzi alichotarajia kupata juu ya mali hizo. Kisa hiki ni cha mfano, na tarakimu zake zimepangwa ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo. Hoja zilizomo, hata hivyo, ni zile zile zinazojitokeza kila mara gudwili inapopimwa kwa kutegemea makadirio ya menejimenti.

Kiwango cha uhasibu cha IAS 36 kinataka gudwili ipimwe kila mwaka, hata pasipo dalili yoyote ya kushuka thamani. Kwa kuwa gudwili haiingizi fedha peke yake, hupimwa pamoja na kitengo kinachozalisha fedha, ambacho hapa ni kiwanda kizima. Tarehe 31 Desemba 2024 thamani ya vitabuni ya kitengo hicho ilikuwa shilingi milioni 5,400: majengo na mitambo 1,780, jina la kibiashara 720, mtaji wa kuzungusha 900 na gudwili 2,000. Menejimenti ililinganisha kiasi hicho na thamani ya matumizi, yaani fedha ambazo kiwanda kinatarajiwa kuingiza miaka ijayo zikirudishwa kwenye thamani ya leo. Hesabu yao ilitoa milioni 7,174. Kulikuwa na ziada ya milioni 1,774, na waraka wao ulihitimisha kwamba gudwili iko salama.

Waraka huo ulipangwa vizuri. Ulikuwa na makadirio ya miaka mitano, kiwango cha punguzo cha kurudisha fedha hizo kwenye thamani ya leo, asilimia 20 kabla ya kodi, na ukuaji wa asilimia 4 baada ya mwaka wa tano. Ulikuwa pia na jaribio la unyeti, lililoonyesha kwamba hata kiwango cha punguzo kikipanda hadi asilimia 21, thamani ya matumizi ingebaki milioni 6,707, bado juu ya vitabu kwa zaidi ya bilioni moja. Mkaguzi mwenye haraka angeishia hapo, akamwomba mtaalamu wa uthamini athibitishe kiwango cha punguzo, akafunga jalada. Naamini hapo ndipo kaguzi nyingi za gudwili zinapopotea njia: nguvu zote huelekezwa kwenye kiwango cha punguzo kwa sababu kina kanuni na vyanzo vya kulinganishia, ilhali dhana inayobeba thamani yote imekaa kimya kwenye mstari wa kwanza wa jedwali.

Katika jedwali hili mstari wa kwanza ulikuwa tani. Kiwanda kiliuza tani 400 mwaka 2024. Makadirio yalisema kitauza 450 mwaka 2025, kisha 500, 560, 610, na 640 mwaka 2029. Kila kilo ilitarajiwa kuacha shilingi 3,000 kwa bei za 2024 baada ya kulipia asali ghafi, vifungashio na usafiri, na kiasi hicho kingepanda asilimia 4 kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Gharama zisizobadilika pamoja na matengenezo ya mitambo zilikuwa milioni 660 kwa mwaka, nazo zikipanda vivyo hivyo. Kwa mpangilio huo fedha halisi za mwaka zilitoka milioni 718 mwaka 2025 hadi 1,533 mwaka 2029, na zaidi ya nusu ya thamani yote ilitokana na miaka ya baada ya 2029. Mwaka wa tano ukikosewa, kosa hilo linarudufiwa milele, kwa sababu hesabu ya mwisho inauchukua mwaka huo kama msingi wa miaka yote inayofuata.

Timu ya ukaguzi ilianza kwa kutazama nyuma. IAS 36 yenyewe inaitaka menejimenti ichunguze sababu za tofauti kati ya makadirio ya zamani na matokeo halisi, na kiwango cha ukaguzi cha ISA 540 kinamtaka mkaguzi apitie matokeo ya makadirio yaliyotangulia. Mwaka 2022 bajeti ilikuwa tani 420, zikauzwa 350. Mwaka 2023 bajeti ilikuwa 460, zikauzwa 380. Mwaka 2024 bajeti ilikuwa 480, zikauzwa 400. Meneja wa fedha alikuwa na maelezo kwa kila mwaka: mwaka mmoja mvua zilichelewa, mwaka mwingine zilizidi, mwaka mwingine wanunuzi kutoka mikoa jirani waliwahi vijijini. Maelezo hayo yote yanaweza kuwa ya kweli. Lakini upungufu ulikuwa wa takriban moja ya sita kila mwaka, na kila mwaka kwa upande ule ule. Matukio ya bahati husukuma matokeo juu mwaka huu na chini mwaka ujao. Pengo lisilobadilika upande ni dalili ya upendeleo katika makadirio yenyewe.

Kabla ya kuitumia historia hiyo kama kipimo, ilibidi kuhakikisha kwamba tani 400 zenyewe ni za kweli. Asali hununuliwa vijijini Sikonge, Urambo na Kaliua kwa ndoo za lita 20, na karani wa kituo huandika idadi ya ndoo kwenye daftari pamoja na jina na sahihi ya mfugaji nyuki. Asali ni nzito kuliko maji, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hubeba takriban kilo 28. Madaftari ya msimu wa 2024 yalikuwa na ndoo 15,040, ambazo ni karibu tani 421. Kumbukumbu za kiwanda zilionyesha kwamba asilimia 5 hupotea kama nta, povu na asali inayokataliwa kwa kuwa na maji mengi, kwani kiwango cha kimataifa cha Kodeksi huruhusu maji yasiyozidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Ukitoa asilimia hizo 5 unabaki na tani 400. Hesabu za mauzo, madaftari ya vijijini na kumbukumbu za kiwanda, vyanzo vitatu vinavyotunzwa na watu tofauti, vilikubaliana, na timu ikawa na msingi wa kuaminika wa kuanzia.

Hatua iliyofuata ilifanyika ndani ya kiwanda, na ndiyo iliyoamua kisa hiki. Mkaguzi msaidizi alimkuta msimamizi wa uzalishaji, mzee aliyefanya kazi hapo tangu kabla ya ununuzi, akiosha vichujio.

“Shikamoo, mzee. Naomba unieleze asali inapita wapi tangu ikifika hadi ikiingia kwenye chupa.”

“Marahaba, mwanangu. Inapashwa moto kidogo, inachujwa, halafu inakaa kwenye matangi yale mawili siku mbili ili povu na nta vipande juu. Hapo huwezi kuiharakisha. Ukiitoa mapema, mteja ataona ukungu kwenye chupa.”

“Kila tangi linachukua kiasi gani?”

“Tani mbili. Jumamosi tunaosha na kutengeneza, kwa hiyo tunahesabu siku za Jumatatu hadi Ijumaa.”

Kutokana na maneno hayo mkaguzi aliweza kufanya hesabu ambayo haikuwemo kwenye waraka wowote wa menejimenti. Matangi mawili ya tani mbili mbili, kila mkupuo ukikaa siku mbili, hutoa wastani wa tani 2 kwa siku ya kazi. Kwa siku 260 za kazi kwa mwaka, kiwanda hakiwezi kupitisha zaidi ya tani 520. Mkaguzi hakuyachukua maneno ya msimamizi kama yalivyo. Alisoma ujazo ulioandikwa kwenye vibao vya matangi, akalinganisha siku za kujaza na kutoa kwenye kitabu cha uzalishaji cha mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote, na akaangalia ratiba ya matengenezo kuona kama Jumamosi kweli ni ya kuosha. Vyote vilikubaliana na maelezo ya mzee. Ndipo tani 560, 610 na 640 za makadirio zikawa hazina pa kupita.

Jibu la menejimenti lilikuwa kwamba kutakuwa na laini ya pili. Jengo la sasa limejaa, kwa hiyo laini hiyo ingehitaji jengo jipya, na makisio ya awali yalikuwa shilingi bilioni 1.2. Timu iliomba kumbukumbu za vikao vya bodi, na ikakuta mjadala wa laini hiyo umefungwa kwa uamuzi kwamba suala litatazamwa tena fedha zitakapopatikana. Kwenye makadirio, mapato ya laini ya pili yalikuwemo ilhali bilioni 1.2 za kuijenga hazikuwemo. Hilo peke yake lingetosha kuyakataa makadirio, lakini kiwango kinakwenda mbali zaidi. Kwa thamani ya matumizi, mali inapimwa katika hali iliyonayo sasa, na manufaa ya kuiboresha au kuipanua hayaingizwi mpaka fedha za kufanya hivyo zimeanza kutumika. Kwa hiyo hata kama menejimenti ingeongeza bilioni 1.2 kwenye jedwali ili pande zote mbili ziwepo, tani za juu ya 520 bado zingepaswa kuondolewa. Wakaguzi wengi hukosea hapa kwa kuridhika mara gharama ya upanuzi inapoongezwa, wakadhani mizani imekaa sawa.

Meneja wa fedha alileta hoja mbili zaidi, na zote zilistahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba reli ya kisasa, ambayo ujenzi wake unapitia Tabora, itarahisisha kusafirisha mapipa hadi Dar es Salaam. Huenda ikawa hivyo siku itakapoanza kufanya kazi, lakini reli inapunguza gharama ya asali iliyokwisha kuchakatwa; haiongezi matangi wala maua ya miombo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kwamba kipimo kinaruhusu kutumia thamani ya soko baada ya kuondoa gharama za kuuza, badala ya thamani ya matumizi, na kwamba mnunuzi wa kiwanda angehesabu laini ya pili katika bei yake. Hoja hii ni sahihi kikanuni, kwani kinachoangaliwa ni kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Lakini mnunuzi huyo angeondoa pia bilioni 1.2 za ujenzi, angehesabu kodi, na angeuliza asali ya kujaza laini mbili itatoka wapi, ikiwa ununuzi umekua kwa tani 25 tu kwa mwaka. Menejimenti haikuwa na ofa ya mnunuzi wala bei ya kiwanda kinachofanana nacho, na njia hiyo ikaachwa.

Ilipokubaliwa kwamba tani zisizidi 520, yaani 450, 500, kisha 520 kwa miaka mitatu, huku mengine yote yakiachwa kama menejimenti ilivyoyaweka, thamani ya matumizi ilishuka kutoka milioni 7,174 hadi 5,623. Ziada ya milioni 1,774 ikabaki 223. Linganisha na jaribio la unyeti la menejimenti, ambalo lilisogeza kiwango cha punguzo kwa asilimia moja na kupunguza milioni 467 tu. Jaribio lile lilikuwa sahihi kihesabu, ila lilijaribu dhana ambayo haikuwa na uwezo wa kuivunja hesabu. Dhana yenye uwezo huo haikuguswa.

Halafu ikaja kasi ya ukuaji chini ya kikomo hicho. Kati ya 2022 na 2024 mauzo yalipanda kutoka tani 350 hadi 400, yaani tani 25 kwa mwaka. Menejimenti ilitaka 50 kwa mwaka wa kwanza na 50 nyingine kwa wa pili. Baadhi ya wafugaji nyuki wa Tabora ni wakulima wa tumbaku pia, na tumbaku inakaushwa kwa kuni za misitu ile ile ambayo nyuki hutafuta chakula chake; kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba asali itaongezeka kwa sababu tu kiwanda kinaitaka. Anayetaka kununua zaidi kwa haraka hana budi kupandisha bei ya ndoo kuwashinda wanunuzi wengine, na hapo zile shilingi 3,000 kwa kilo haziwezi kubaki salama. Makadirio ya menejimenti yalishikilia tani nyingi na faida ile ile kwa kilo kwa wakati mmoja, nazo zilipingana. Timu iliamua kukubali shilingi 3,000, ikipanda na mfumuko, kwa sharti kwamba tani zikue kwa 25 kila mwaka bila kuvuka kikomo: 425, 450, 475, 500 na 520. Huo ulikuwa uamuzi wa busara ya kitaaluma, na mkaguzi mwingine angeweza kuruhusu ukuaji mkubwa kidogo kwa kukata faida ya kilo. Kwa tani hizo thamani ilifika milioni 5,324, ikawa chini ya vitabu kwa 76.

Jambo la mwisho lilikuwa mtaji wa kuzungusha, na hapa kosa lilikuwa la kusahau. Msimu unapoanza baada ya mvua kwisha, kiwanda hulipa taslimu vijijini. Asali hukaa kwenye mapipa kwa miezi ikisubiri zamu ya matangi, na maduka makubwa ya Dar es Salaam hulipa muda mrefu baada ya kupokea mzigo. Tani 400 za mwaka 2024 zilifunga milioni 900, yaani milioni 2.25 kwa kila tani. Menejimenti ilizijumuisha milioni hizo 900 kwenye thamani ya vitabuni, jambo ambalo ni sawa, lakini makadirio hayakuwa na mstari wa kuongeza mtaji huo tani zinapoongezeka na bei zinapopanda. Kila tani ya ziada inakula fedha kabla ya kurudisha. Ukiongeza mstari huo, fedha halisi za mwaka 2025 zinakuwa milioni 545 na za 2029 zinakuwa 988. Katika hesabu ya baada ya 2029, ambapo tani hazikui tena, kinachobaki ni ongezeko la asilimia 4 la mfumuko tu, na timu ilikuwa makini kutobeba ongezeko zima la mwaka wa tano kwenda mbele, kwani kufanya hivyo kungeiadhibu menejimenti isivyo haki. Thamani ya matumizi ikafika milioni 4,872, pungufu ya vitabu kwa 528.

Kiwango cha punguzo kilikaguliwa pia, ila kwa kifupi. Meneja wa fedha alikuwa amekipata kwa kuanzia na riba ya mkopo wa kundi. IAS 36 haikubali hilo lichukuliwe bila marekebisho, kwa sababu kiwango kinapaswa kubeba hatari ya kitengo chenyewe, bila kujali kampuni imekopa kwa masharti gani. Mtaalamu wa uthamini wa timu alianzia kwenye mapato ya hatifungani za muda mrefu za Serikali, akaongeza hatari ya biashara, akabadilisha matokeo yawe ya kabla ya kodi kama mtiririko wa fedha ulivyo, na akatoa wigo wa asilimia 20 hadi 21. Kwa fedha halisi zilizorekebishwa, asilimia 21 inatoa thamani ya milioni 4,556. Hivyo wigo wa mkaguzi wa upungufu wa thamani ulikuwa kati ya milioni 528 na 844. Hakuna sehemu ya wigo huo iliyoruhusu hitimisho la kwamba gudwili haikushuka.

Menejimenti ilirudi mezani na hesabu mpya. Ilikubali kikomo cha tani 520, ukuaji wa tani 25 na mstari wa mtaji wa kuzungusha, ikachagua asilimia 20.5, na ikapata thamani ya matumizi ya milioni 4,709. Hasara ya milioni 691 ilikuwa ndani ya wigo wa mkaguzi, na hapakuwa na sababu ya kudai tarakimu nyingine. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuona kwamba makadirio yana msingi unaoweza kutetewa, si kulazimisha namba yake mwenyewe.

Kabla ya hasara hiyo kugawanywa, timu iliuliza kama jina la kibiashara lilikuwa na dalili zake lenyewe za kushuka, kwa kuwa mali moja moja yenye dalili hupimwa kwanza kabla ya kitengo. Asali ya mapipa inayouzwa kwa jumla haibebi jina hilo. Ni chupa tu zinazolibeba. Mauzo ya chupa yalikuwa yamepanda kila mwaka tangu ununuzi, na mpango wa kupunguza thamani ya jina hilo kwa miaka 15, milioni 60 kila mwaka, haukuwa na sababu ya kufupishwa. Hivyo milioni 691 zote ziliangukia gudwili, ambayo kwa mujibu wa kiwango hubeba hasara kwanza kabla ya mali nyingine za kitengo, na ikabaki milioni 1,309. Kwa kuwa kampuni mama inamiliki hisa zote, hapakuwa na haja ya kukuza gudwili kwa ajili ya wanahisa wachache.

Hasara ya gudwili hairudishwi, hata kama laini ya pili itajengwa na kujaa. Kwa sababu baada ya hasara thamani ya vitabuni na thamani ya matumizi zinalingana kabisa, upungufu wowote wa tani utaleta hasara nyingine, na timu ilisisitiza kwamba maelezo ya hesabu yataje tani kama dhana kuu pamoja na kiwango cha punguzo, badala ya kiwango peke yake kama rasimu ilivyokuwa. Kwenye jalada la ukaguzi wa mwaka unaofuata yaliwekwa mambo mawili ya kuanza nayo: tani zitakazouzwa mwaka 2025 zikilinganishwa na 425, na idadi ya ndoo kwenye madaftari ya Sikonge, Urambo na Kaliua, ihesabiwe kabla ya kupokea makadirio mapya ya menejimenti.